Skrini Nyeupe? Soma debug.log Kabla Utoe Pesa

Wacha niseme hivi, na asiyependa anisamehe: kuna mafundi hapa kwetu, kuanzia Kericho mjini mpaka Bomet, wanaolipwa pesa nzuri kujenga upya websaiti ambazo hazijawahi kubomoka. Mtu anabonyeza apdeti ya plagini moja, anafungua saiti yake, anapata ukurasa mweupe kama karatasi. Anapiga simu. Anaambiwa, "Hiyo imehakiwa, lazima tuanze upya." Anauliza bei, anatajiwa elfu kumi na nane, na kwa sababu anachoona ni weupe mtupu, anaamini.

Msimamo wangu ni mmoja: usitoe hata shilingi kabla mtu hajakuonyesha mstari wa kosa kutoka kwa faili inayoitwa `debug.log`. Usikubali skrinishoti ya weupe, maanake weupe unauona mwenyewe, na usikubali hadithi za wahaki wa Urusi. Unataka mstari wenyewe, wenye jina la faili na namba. Kama fundi hawezi kukuletea huo mstari, hajui kilichotokea, na mtu asiyejua kilichotokea hawezi kukupa bei.

Nieleze kwanza huo weupe ni nini, maanake hapo ndipo watu hudanganywa. WordPress imeandikwa kwa lugha ya PHP. Kila mara mtu anapofungua saiti yako, seva inasoma mafaili kwa mpangilio: mafaili ya WordPress yenyewe, halafu plagini moja baada ya nyingine, halafu thimu, yaani ile nguo saiti imevaa. Ikimaliza kusoma ndiyo inaanza kutengeneza ukurasa. Sasa, ikifika kwa mstari ambao haiwezi kuuelewa au kuutekeleza, inasimama papo hapo. Haiendi mbele hata hatua moja. Ukurasa ulikuwa bado haujaanza kuandikwa, kwa hivyo brauza inapokea kitu tupu, na kitu tupu kwa brauza ni weupe. Bidhaa zako, bei, oda na wateja wako viko kwa databesi. Picha ziko kwa folda ya `uploads`. Hakuna aliyevigusa.

Tangu toleo la 5.2, lililotoka Mei 2019, WordPress hujitahidi kutoa sentensi moja badala ya kunyamaza kabisa: `There has been a critical error on this website.` Ukiona hiyo, ni ugonjwa ule ule. Pia inatuma imeli yenye linki ya kukuingiza kwa dashibodi huku plagini mbovu ikiwa imesimamishwa. Kitu kizuri sana. Shida ni kwamba imeli hiyo inaenda kwa anwani ya msimamizi wa saiti, na linki inakaa siku moja tu ndiyo iishe. Jiulize anwani ya msimamizi kwa saiti yako ni ya nani. Nitarudi hapo.

Sasa nichukue kesi moja niimalize yote, badala ya kurukaruka.

Kuna mama upande wa Litein anauza majani ya chai ya zambarau. Kama hujui, hiyo ni aina inayoitwa TRFK 306, ilitolewa na watafiti wa chai wa hapa Kericho mwaka wa 2011, na majani yake kweli ni ya zambarau shambani. Anapakia mwenyewe, anauza mtandaoni kupitia WooCommerce, na wateja wake wengi wako Nairobi. Asubuhi moja mwezi wa tano mwaka wa 2025, saa tatu hivi, aliweka toleo jipya la plagini ya kupiga hesabu ya usafirishaji, ile inayojua kwamba kutuma pakiti Nakuru si bei sawa na kutuma Mombasa. Aliipata kwa zip, maanake ilinunuliwa kwa aliyeitengeneza, haikutoka kwa duka la bure la WordPress. Akafungua saiti. Nyeupe. Akajaribu kuingia `wp-admin`. Nyeupe pia. Na alikuwa na mteja wa hoteli aliyeahidi kuoda pakiti 60 siku hiyo.

Fundi aliyemjengea saiti alitaja ile elfu kumi na nane. Mama akanipigia, "Kijana wangu, wewe si unafanya hizi vitu za intaneti?" Sina digrii, niliacha chuo, lakini hii nafanya.

Swali langu la kwanza kwake halikuhusu plagini hata kidogo. Nilimuuliza, "Mama, una paswadi ya hostingi?" Si ya WordPress. Hostingi, pale mafaili yanapolala. Ukiwa na paswadi ya dashibodi peke yake na dashibodi imekufa, uko nje ya nyumba yako mwenyewe ukichungulia dirishani. Bahati yake, alikuwa amehifadhi ujumbe wa zamani wenye hiyo paswadi. Tukaingia cPanel kwa simu yangu, ndiyo, kwa simu, brauza ya kawaida, nikageuza simu ilale upande ndiyo nione vizuri. Ukifika hapo fungua `File Manager`, halafu `public_html`. Ndani utaona `wp-admin`, `wp-content`, `wp-includes` na faili inayoitwa `wp-config.php`.

Hapa ndipo natofautiana na ushauri unaopatikana kila mahali. Video nyingi zitakuambia ukimbie kwa `wp-content`, ubadilishe jina la folda ya `plugins` iwe kitu kingine, plagini zote zizimike, saiti irudi. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ukianza hivyo umefukuza shahidi kabla hujamhoji. Kosa linaandikwa wakati linatokea. Ukizima plagini kwanza halafu uwashe logi, logi haitakuwa na kitu, maanake hakuna kinachoanguka tena. Utabaki na saiti inayofunguka, na plagini kumi na nne ambazo hujui ni gani ya kuogopa. Kwa hivyo logi kwanza, kuzima baadaye. Tofauti ni kama dakika tatu.

Kuwasha logi ni kazi ya mistari mitatu ndani ya `wp-config.php`. Kabla hujaigusa, tengeneza nakala yake hapo hapo kwa `File Manager`, uipakue kwa simu au kompyuta na uifute kwa seva, maanake hiyo faili ndiyo inabeba paswadi ya databesi. Halafu ifungue kwa `Edit` na uweke hii:

```php
define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );
```

Iweke juu ya ule mstari unaosema `That's all, stop editing!`. Ukiiweka chini yake haitasaidia, kwa sababu pale chini ndipo WordPress huanza kazi, na itakuwa imeshaanza bila kuona maagizo yako. Angalia pia kama tayari kuna mstari wa `WP_DEBUG` ulioandikwa `false`. Kama upo, badilisha huo huo uwe `true`. Usiongeze wa pili, maanake PHP inaheshimu wa kwanza.

Mstari wa tatu usiuache. Ndio unaozuia makosa yasimwagike kwa ukurasa mbele ya wateja.

Na tafadhali, usinakili hii mistari kutoka kwa WhatsApp. Kibodi nyingi za simu, na programu nyingi za kuandikia, hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda. PHP haizitambui zilizopinda kama alama za nukuu. Utakuwa umeongeza kosa jipya kwa faili muhimu kuliko zote, na huo weupe wa pili hautahusu plagini tena. Andika zile alama kwa mkono.

Ukishahifadhi, fungua saiti tena mara moja. Itabaki nyeupe, usishtuke. Ulitaka ianguke ukiangalia. Sasa rudi `wp-content`. Kuna faili mpya, `debug.log`. Inaweza kuwa na mistari mingi, na mingi ni kelele: `Notice`, `Warning`, `Deprecated`. Hizo ni manung'uniko, haziui saiti. Tembea mpaka chini kabisa, maanake ya mwisho ndiyo mpya, halafu utafute maneno mawili tu: `Fatal error` au `Parse error`. Ya mama ilikuwa hivi, ila nimebadilisha majina ya folda:

```
[14-May-2025 06:12:44 UTC] PHP Parse error:  syntax error,
unexpected '|', expecting variable (T_VARIABLE) in
/home/duka/public_html/wp-content/plugins/usafiri/bei.php
on line 88
```

Kwa logi yenyewe ni mstari mmoja mrefu, nimeukata ndiyo utoshee.

Tuusome pamoja. Saa kwanza. Imeandikwa 06:12 na kuna neno `UTC`. Kenya iko masaa matatu mbele, kwa hivyo hiyo ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu, dakika ile ile tulipofungua ukurasa. Najua mtu aliyeangalia hiyo saa akasema kosa lilitokea alfajiri kabla hajaamka, akaanza kushuku mfanyakazi wake. Manze, hesabu saa kwanza.

Halafu ruka mpaka kwa neno `in`. Kinachofuata ni njia ya faili, na hapo unatafuta neno moja tu baada ya `plugins/`. Hilo ndilo jina la folda ya plagini: `usafiri`. Kama ingesema `themes/`, basi ni thimu. Na mwisho kuna namba ya mstari, 88.

Sasa tulikuwa na jina. Kurudisha saiti ilikuwa kuingia `wp-content/plugins`, kushika folda ya `usafiri` peke yake, na kuibadilisha jina iwe `usafiri-zima`. Basi. WordPress ikija kuisoma haiipati, inairuka, inaendelea na safari. Saiti ilifunguka, mama akapiga kelele za furaha, na mimi nikamwambia asishangilie bado.

Kwa nini? Kwa sababu duka lililofunguka bila plagini ya usafirishaji ni duka linalouza bila kuhesabu usafiri. Mteja wa Mombasa angeoda pakiti 60 na kulipa bei ya majani peke yake. Hii ndiyo sehemu ambayo hao mafundi wa kubadilisha jina la folda kisha kuondoka hawakuambii. Saiti kufunguka na biashara kuwa sawa ni vitu viwili. Tuliweka bei moja ya usafiri kwa mkono ndani ya mipangilio ya WooCommerce, ya muda tu, kisha tukarudi kwa lile kosa.

Jambo lingine kabla sijaendelea: badilisha jina, usifute. Ukifuta plagini kupitia dashibodi, plagini nyingi huwa na maagizo ya kusafisha data yao wakati zinapoondolewa, na hapo mipangilio yako yote ya bei za kaunti inaweza kwenda. Kubadilisha jina hakugusi databesi. Na kama umelazimika kubadilisha jina la folda nzima ya `plugins`, labda kwa sababu logi imekataa kuandika, jua hii: mradi hujafungua ukurasa wa Plugins kwa dashibodi, ukirudisha jina la zamani kila plagini inawaka kama ilivyokuwa. Ukiufungua huo ukurasa wakati folda haipo, WordPress inaona mafaili hayapo na inazizima zote rasmi. Hapo utaziwasha moja moja mwenyewe. Mipangilio haipotei, ila ni kazi.

Turudi kwa mstari wa 88. `Parse error` inamaanisha PHP haikuweza hata kusoma sentensi. Ilikutana na alama ya `|` mahali ilipotarajia kitu kingine. Fundi wa haraka angesema plagini imeharibika. Nilifungua faili nikaangalia mstari wenyewe, na ulikuwa na `int|string`, maana yake "hii inaweza kuwa namba au maandishi". Hiyo ni PHP halali kabisa. Ila ni halali kuanzia PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020. Kwa PHP ya zamani, hiyo alama mahali hapo haina maana yoyote. Ukisoma vizuri, hata maneno ya kosa yanakutobolea siri: `T_VARIABLE` kwa ujumbe wa namna hiyo ni jinsi matoleo ya kabla ya 8 yanavyoongea.

Kwa dashibodi, chini ya Tools kuna Site Health, kuna sehemu ya Info, na ndani yake, chini ya Server, unaona toleo la PHP. Ya mama ilikuwa 7.4. Toleo hilo liliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 28 Novemba 2022. Kwa hivyo plagini haikuwa mbovu wala hakukuwa na mhaki. Aliyetengeneza plagini alisonga mbele, seva ya mama ikabaki nyuma, na hakuna aliyemwambia. Zip nzuri ingetangaza toleo la PHP inalohitaji na WordPress ingekataa kuiwasha. Hii haikutangaza.

Hapo mtu atasema, rahisi, panda PHP 8. Kwa cPanel ni kubonyeza tu, pale `MultiPHP Manager` au `Select PHP Version`, kulingana na hostingi. Tulitengeneza bakapu ya mafaili na databesi, tukasubiri usiku wateja wapungue, nikabadilisha kutoka 7.4 kwenda 8.2. Nikafungua saiti.

Nyeupe.

Mama alikuwa kando yangu kwa simu ya bwana yake, nikasikia kimya. Lakini safari hii logi ilikuwa imewashwa tayari, kwa hivyo jibu lilikuwa linasubiri: `Call to undefined function create_function()`, na njia ya faili ilikuwa na `themes/`, sio `plugins/`. Thimu. `create_function` ni njia ya zamani ya kuandika kazi ndogo ndani ya PHP. Ilitangazwa kuwa inaondolewa tangu 7.2 na ikatolewa kabisa kwa 8.0. Thimu ya mama ilinunuliwa zamani na aliyeitengeneza ameiacha. Kwa 7.4 ilikuwa inanung'unika tu kwa logi ambayo hakuna aliyeisoma. Kwa 8 ikafa.

Nilirudisha 7.4 saiti ikawa hai tena, halafu nikafungua hiyo faili kwa mstari uliotajwa. Ilikuwa kitu cha namna hii:

```php
add_action( 'widgets_init', create_function( '',
  'return register_widget("Duka_Widget");' ) );
```

Ikawa:

```php
add_action( 'widgets_init', function () {
  register_widget( 'Duka_Widget' );
} );
```

Sehemu moja tu kwa thimu nzima. Nikapanda tena 8.2, saiti ikafunguka. Nikairudishia folda jina lake, `usafiri`, nikafungua ukurasa wa Plugins nikaiwasha, nikafanya oda ya majaribio ya kwenda Mombasa mpaka kwa hatua ya kulipa, bei ikatoka sawa, tukaondoa ile ya muda. Kwa thimu iliyoachwa na mwenyewe, kurekebisha faili moja kwa moja ni sawa, maanake hakuna apdeti itakayokuja kufuta kazi yako. Kwa thimu inayoendelea kuletewa matoleo mapya usifanye hivyo. Tafuta toleo jipya.

Angalia sasa. Kama tungefuata njia ya "panda tu PHP" bila logi, ule weupe wa pili ungetuchanganya kabisa. Tungesema plagini bado ni mbovu, tungeizima, na bado ingekuwa nyeupe. Hapo ndipo mtu hukubali elfu kumi na nane.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani logi haiwezi kukupotosha. Inaweza. Inakuambia mahali mwili ulipopatikana, na hapo si lazima pawe mahali mtu alipouawa. Mfano wa kwanza ni plagini za malipo. Nyingi hujengwa juu ya kitu cha WooCommerce kinachoitwa `WC_Payment_Gateway`. WooCommerce ikizimika, plagini ya malipo isiyojua kuangalia kwanza inaanguka, na logi itataja folda ya malipo, `Class "WC_Payment_Gateway" not found`. Ukiizima saiti itarudi, lakini shida ilikuwa kwa mwenzake. Ndiyo maana ukiona neno `not found` uliza hicho kitu ni cha nani kabla ya kumshika aliyekuwa anakitafuta.

Mfano wa pili ni kumbukumbu kujaa: `Allowed memory size of 268435456 bytes exhausted`. Hizo ni megabaiti 256. Faili inayotajwa hapo ni ile iliyoomba nafasi ya mwisho. Ni kama matatu ya Litein kwenda Kericho: imebeba watu ishirini na wawili, wa ishirini na tatu anapanda, mlango unakataa kufunga, halafu kondakta anamlaumu huyo wa mwisho. Labda kuna mtu ndani amebeba magunia manne. Kwa kosa la namna hii, kuzima folda moja moja ni njia halali, ukianza na ile uliyoipdeti mwisho.

Na kuna wakati `debug.log` haitokei kabisa. Kabla hujakata tamaa, angalia kama mistari yako iko juu ya ule mstari wa `stop editing`. Halafu tafuta faili inayoitwa `error_log`, bila nukta mbele, ndani ya `public_html`. Hostingi nyingi za cPanel huandika hapo makosa yanayotokea kabla WordPress haijaamka, kama yale ya `wp-config.php` yenyewe. Ukikuta saiti bado nyeupe hata baada ya kubadilisha jina la folda yote ya `plugins`, angalia folda ya `mu-plugins` na faili ya `object-cache.php` ndani ya `wp-content`. Hizo zinasomwa hata plagini za kawaida zikiwa hazipo.

Ukimaliza, rudisha `WP_DEBUG` na `WP_DEBUG_LOG` ziwe `false`, na ufute `debug.log`. Si usafi tu. Kwa hostingi nyingi faili hiyo iko wazi. Mtu yeyote akiandika anwani ya saiti yako akiongeza `/wp-content/debug.log` anaisoma kama wewe, na ndani kuna njia za mafaili yako, majina ya plagini zako na matatizo yao. Umetafuta mhaki ambaye hakuwepo, usimwandikie barua aje.

Na sasa ile imeli. Tulipoingia Settings, kwa General, anwani ya msimamizi haikuwa ya mama. Ilikuwa ya fundi, tangu siku alipojenga saiti. Maana yake ile linki ya kurekebisha, ile WordPress hutuma yenyewe, ilitumwa kwa kikasha chake asubuhi ile ile, ikitaja na jina la plagini. Labda aliiona, labda hakuiona. Mama alibadilisha anwani ikawa yake. WordPress hutaka uithibitishe anwani mpya kwa linki, akathibitisha, na ikatuma taarifa kwa anwani ya zamani kwamba msimamizi amebadilika. Fundi hajapiga simu mpaka leo. Oda ya hoteli iliingia siku iliyofuata, pakiti 60, na usafiri ukiwa umehesabiwa.